Mke wangu hataki kusikia habari ya kijijini

*Shikamoo Shangazi,*

*Kazi yangu ni ya barabarani. Nasambaza vipuri vya magari mikoani, na sehemu kubwa ya mwaka nalala hotelini, leo Dodoma, kesho Mbeya, chini yangu baa, ukumbi wa jirani harusi. Mwaka huu mimi na mke wangu tumepata nafasi ya kwenda kupumzika Unguja bila watoto, dada yangu amekubali kukaa nao. Mke wangu ameshachagua: hoteli kubwa ya Nungwi, yenye bwawa, bufee na muziki. Mimi nataka Jambiani, nyumba ndogo ya wageni kijijini, tulale usiku bila kelele.*

*Nilimwandikia ujumbe mrefu nikiwa Tunduma nikimweleza raha ya utulivu, upepo na nyota. Akanijibu: "Kijijini nakwenda kila Desemba kwa mama yako. Pumzika wewe." Hajanuna, lakini habari hiyo hataki tena kuisikia. Juu ya hayo, rafiki yake aliyewahi kufika Jambiani amemwambia bahari ya huko inaondoka, unaamka asubuhi hukuti maji. Nimwandikie nini anielewe? Au nifunge mdomo nilipie Nungwi?*

*Msafiri, Tabata*

Marahaba, mwanangu.

Mkeo kakujibu kwa maneno machache, na yote yako humo. Wewe umechoshwa na kelele, basi umemuahidi kimya. Yeye hajalalamika kelele hata siku moja. Amechoshwa na jiko. Hiyo Desemba unayoijua wewe ni ya kukaa chini ya mti na kaka zako. Desemba yake ni kuamka kabla ya jogoo, kumenya ndizi za watu ishirini, kuchota maji na kuosha masufuria mpaka usiku, halafu kuulizwa mbona mwaka huu umekonda. Ukimwambia twende kijijini, hayo ndiyo anayoyaona. Nyota haziwezi kuosha vyombo. Nungwi kwake ni sahani ambayo hakuipika na wala hataiosha, na hakuna ubaya wowote katika kutaka hivyo.

Kwa hiyo barua yako lazima ianze na jiko. Kabla ya safu hii nilifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya wageni huko Kusini Unguja, nikisimamia chakula, kwa hiyo najua mke wa mtu anachokikuta pale. Nyumba yenye vyumba sita au saba ina mpishi wake na mtu wa usafi. Baada ya chai ya asubuhi mpishi anakuja mezani kuuliza: leo mnapenda kula nini usiku? Anauliza mapema kwa sababu haweki samaki wa wiki nzima kwenye friji. Anasubiri vyombo vya wavuvi virudi, aende pwani akamchague changu au jodari, au pweza kama wamepatikana, ndipo apike kwa ajili yenu. Uzuri wake ni kwamba mkeo anaweza kusema nataka samaki wa kupaka, nazi iwe nyingi, pilipili weka pembeni, na ikawa. Ubaya wake ni kwamba asiyeagiza asubuhi atakula kilichopo, na ukiagiza saa mbili usiku utasubiri saa nzima na zaidi. Mwambie yote mawili. Akifika akakuta umemficha la pili, hata lile la kwanza litaharibika.

Sasa bahari. Huyo rafiki yake hakusema uongo. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje, Jambiani hadi Makunduchi, ina mwamba mrefu uliokaa mbali na nchi kavu, na kati ya mwamba na ufukwe maji ni ya kina kifupi. Bahari ikipwa, eneo hilo lote linabaki mchanga, vidimbwi na majani, na mtu anaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kuelekea baharini na maji hayajamfika magotini. Nungwi haiko hivyo. Kule kaskazini kina kinaanza karibu, maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote ya mchana. Ndiyo maana hoteli kubwa ziko huko kwa wingi. Usijaribu kubishana naye katika hilo, utashindwa.

Kile ambacho rafiki yake hakukijua, au hakuambiwa na aliyempangia safari, ni kwamba kuondoka kwa maji kuna ratiba, na ratiba hiyo inasomwa kwenye mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni siku za bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake katika bamvua kubwa inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inaweza kushuka hadi mita moja hivi, bahari haijai sana wala haiendi mbali. Na saa nazo zinajulikana. Kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa jioni. Wazee wa kijijini hawahitaji simu kwa hili. Wanahesabu tarehe ya mwezi wa Kiislamu: mwanzo wa mwezi na tarehe 15 bamvua, tarehe 7 au 8 na 22 au 23 maji mafu.

Fanya hesabu ndogo uone watu wanavyokosea. Mgeni anayefika tarehe 20 ya mwezi saa nane mchana anafika wakati bahari iko mbali kabisa, kwa sababu ile saa nne asubuhi ya tarehe 15 imesogea mbele kwa siku tano, jumla yake muda wa saa nne na zaidi. Anashusha mizigo, anafungua mlango wa mbele akiwa na nguo ya kuogelea mkononi, mbele yake mchanga na majani. Moyo unavunjika pale pale. Kesho yake hivyo hivyo, saa tisa. Akirudi Dar es Salaam atasema Jambiani hakuna bahari. Mgeni wa tarehe 14, saa ile ile ya nane, anakuta maji yanapanda, na kabla hajamaliza chai yamefika kwenye ngazi za ukuta. Kijiji ni hicho hicho. Basi wewe chagua tarehe kwa mwezi kwanza, ndipo uombe ruhusa kazini. Saa nilizokupa ni za kukadiria. Ukishapata tarehe tazama jedwali la maji la Zanzibar uhakikishe.

Miezi nayo usiisahau. Masika, Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na nyumba nyingine hufungwa. Kusi ikivuma katikati ya mwaka hewa ni nzuri, lakini pwani hiyo inapigwa na upepo na majani ya bahari hutupwa ufukweni. Mwezi wa Ramadhani ni wa watu wa pale na ibada yao: nyumba ya wageni itawapikia mchana, ila migahawa ya kijijini haitauza, na hamtakula njiani. Kwa mara ya kwanza na mke ambaye bado ana shaka, mimi ningekwenda Januari au Februari, joto lake unaliweza ukiwa baharini.

Barua yenyewe nimekuandikia hapa chini. Usiinakili kama nilivyoiandika, atajua si yako. Lakini mpangilio wake ufuate hivyo hivyo: jiko, bahari, watu, na mlango wa kutokea.

*Mama watoto,*

*Umeniambia kila Desemba unakwenda kwa mama, nami nimeelewa ulichokuwa unaniambia. Sikuombi uende tena kupika mahali pengine. Jambiani hatuna ndugu hata mmoja. Hakuna wa kutuletea mgeni, hakuna wa kutuomba tumpelekee mtoto wake Dar. Nimeongea na mwenye nyumba. Vyumba ni saba, mpishi yupo, vyombo si vyako, shuka si zako. Asubuhi atakuuliza wewe, si mimi, tule nini usiku. Sharti lake ni moja, tumwambie mapema, maana samaki anamfuata kwa wavuvi. Kwenye bufee ya hoteli kubwa utapata vyakula thelathini, lakini vimepikwa visimchome mtu yeyote, Mtaliano wala mtoto, na pilipili utaiomba kama dawa. Mimi nakula bufee mwaka mzima. Nataka unisaidie kula kitu kilichopikwa kwa ajili yetu wawili.*

*Kuhusu bahari rafiki yako amesema kweli, inaondoka na inarudi. Nimechagua siku kwa ajili hiyo. Tutafika tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu, mchana, maji yakiwa yanajaa, na mara tu tukishaweka mabegi tunaingia. Kesho yake asubuhi kama saa nne bahari itakuwa mbali, na hapo ndipo nataka unipe saa moja yako. Wanawake wa pale wanashuka na maji kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Wamepigilia vigingi mchangani, kamba zimepita kati yake, na kila mmoja amekaa kwenye maji ya uvuguvugu hadi kiunoni, anafunga vipande vya mwani kamba kwa kamba huku wanapiga soga. Kazi hiyo ilianza Jambiani na Paje mwaka 1989. Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi, unaanikwa juani, unauzwa. Ukitaka utakaa nao. Usipotaka utabaki kwenye kivuli na chai yako, mimi nitakwenda kuwaona wanaotafuta pweza mwambani. Saa nane bahari imerudi, na tunayo mpaka jua linazama. Hivyo kila siku, inasogea mbele kidogo tu, na siku ya kuondoka maji yatakuwa yamejaa alfajiri, tutaogelea kabla ya chai.*

*Lakini hilo la watu ndilo lililonivuta. Unakumbuka ile hoteli tuliyokwenda kwenye semina ya ofisi yenu? Mhudumu alitusalimia "Jambo", akatuuliza kwa Kiingereza tunatoka nchi gani, na mlinzi akatufuata mpaka alipoona mikanda ya hoteli mikononi mwetu. Tulikuwa wageni katika nchi yetu. Mzungu anayekwenda Jambiani anapiga picha ya wale wanawake na kuondoka, kwa sababu zaidi ya hapo hawezi. Wewe utauliza bei ya mwani mwaka huu, nao watakwambia, halafu watakuuliza una watoto wangapi na hiyo kanga umenunua wapi, na hamtamaliza. Chapati na vitumbua utanunua kwa shilingi, kwa bei wanayonunua wao. Jioni nitakaa barazani na wazee na hakuna atakayeniuzia safari ya pomboo. Wenyewe kwa wenyewe wazee wanazungumza Kimakunduchi, hapo hata sisi tutaachwa, utacheka.*

*Sikuahidi kila kitu. Bwawa hakuna. Muziki wa usiku hakuna, ni adhana ya alfajiri na mawimbi. Umeme hukatika. Kijijini tutajifunga kanga na kuvaa shati, nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Na kama usiku wa pili ukipita hujapenda, useme tu neno moja, nitaita gari asubuhi twende Nungwi kwa siku zilizobaki, na sitanuna wala sitakukumbusha mwakani. Pesa ya gari hiyo nimeiweka pembeni kabisa.*

*Nimelala vyumba vingi mwaka huu bila wewe. Nataka mara moja nilale mahali ambapo tukizungumza tunasikiana.*

Hiyo ahadi ya gari usiiandike kama huna nia ya kuitimiza, maana ndiyo itakayomfanya akubali. Jambiani hadi Nungwi ni safari ya kuvuka kisiwa kutoka kusini hadi kaskazini, kama saa mbili kwa gari la kukodi, na kulipia vyumba viwili katika likizo moja kunauma. Kwa hiyo usilipie siku zote za Jambiani mkupuo. Mwombe mwenye nyumba umlipe usiku mbili kwanza. Wengi wa nyumba ndogo watakubali wakijua wewe ni mtu wa bara unayekuja na mkeo na si kundi la vijana. Na kugawa likizo tangu mwanzo, nusu huku nusu kule, mimi sikushauri. Siku ya kuhama inakula asubuhi kwa kufunga mizigo na mchana kwa barabara, na kwa likizo fupi hiyo ni siku nzima imekwenda.

Kimya nacho hakikuhakikishiwi na jina la kijiji. Jambiani ni kijiji kirefu kilichonyooka kando ya bahari, na upande unaokaribia Paje umechangamka sana, baa za ufukweni na watu wa michezo ya upepo. Tena sasa kunajengwa. Unaweza kulipia utulivu ukaamshwa na mashine ya kuchanganya zege saa moja asubuhi. Niliona wageni wamehama siku ya kwanza kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba alijua siku zote lakini hakuulizwa. Basi piga simu usiku, saa tatu hivi, siku ya Ijumaa au Jumamosi, na wakati anakujibu wewe sikiliza kilicho nyuma ya sauti yake. Piga tena mchana. Uliza moja kwa moja: jirani anajenga? Jenereta liko upande gani wa chumba? Maji ya bafuni ni ya bomba au ya kisima? La mwisho hilo usilipuuze, visima vingi vya pwani ile vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu na nywele za mkeo zitakuwa kama katani. Kama amekwenda saluni siku moja kabla ya safari, utasikia habari yake mpaka Desemba. Nyumba nyingine huweka ndoo ya maji baridi matamu kwa ajili ya kichwa, wewe omba tu.

Halafu, mwanangu, mtakapotembea kwenye maji yaliyopwa, vaeni viatu vya raba. Kwenye mawe kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, ukikanyaga mwiba unakatikia ndani. Msikatize katikati ya kamba za mwani, lile ni shamba la mtu. Zungukeni, na picha iombwe kwanza. Na msiende mpaka mwambani peke yenu mkijifanya wenyeji. Maji yanaporudi hayaji kama wimbi unaloliona kwa mbali. Yanaingia kimyakimya kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, na mchanga ulioupita mkavu saa moja iliyopita unaukuta umekuwa mto. Dalili yake ni vifundoni: maji ya kidimbwi yaliyokuwa yametulia yanaanza kutembea kuelekea nchi kavu. Ukihisi hivyo, geuza saa hiyo hiyo, na kama wanawake wa mwani wameanza kubeba magunia yao, wewe umeshachelewa kidogo.

Kuna watu ambao ningewaambia walipie Nungwi bila kubishana. Mwenye watoto wadogo wanaotaka maji muda wote, kwa sababu huwezi kumweleza mtoto wa miaka mitano habari ya bamvua. Mtu ambaye goti au nyonga humsumbua, maana mchanga na mawe ya pwani ile havimfai. Na mtu ambaye kwa kweli raha yake ni kucheza muziki usiku. Kuna wanawake wa hivyo na kuna wanaume wa hivyo, na ukimpeleka Jambiani atakaa anatazama simu. Mkeo sijui yuko wapi kati ya hao. Umesema anataka bwawa, bufee na muziki. Mambo mawili ya mwanzo nadhani nimeyapatia sababu. Muziki muulize mwenyewe, na umuulize kabla hujamtumia barua, kwa mdomo, ukiwa nyumbani. Akikwambia anataka kucheza na wewe usiku mmoja katika mwaka, hiyo inatimizika bila kuhama: Paje ni jirani, gari la kwenda na kurudi si ghali, na mtarudi kulala penye kimya.

Njia yenyewe ni nyepesi. Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Chukueni vitambulisho, vinaangaliwa. Pandeni ya asubuhi, maana mnataka kufika Jambiani mchana maji yakijaa. Kutoka mjini kuna daladala namba 309, lakini kwa mara hii kodisha gari, mke mwenye mizigo na mashaka hapandishwi daladala. Barabara inapita msitu wa Jozani na mara nyingi kima punju wanavuka mbele ya gari. Toeni pesa taslimu mjini kabla ya kuondoka.

Tarehe usizilipie mpaka akubali. Na barua mpe mkononi, siku ambayo wewe ndiye uliyeosha vyombo.